Siku ya mwisho kabla ya ndege ya usiku: chumba, mizigo na pa kuoga

Ndege ya usiku huacha pengo refu katikati ya siku. Hoteli nyingi hukitaka chumba chao kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na kaunta ya shirika la ndege kwa kawaida haifunguliwi mpaka zibaki saa tatu hivi kabla ya kuruka. Hapo katikati una mizigo yote, huna chumba, na safari ya usiku kucha bado inakungoja.

Wengi hulichukulia pengo hili kama tatizo la mizigo, ilhali mizigo ndiyo sehemu rahisi. Siku huharibikia kwenye mpangilio. Mtu anaoga saa nne asubuhi kisha anazunguka juani hadi usiku; anafungasha sanduku kabla hajajua ataogea wapi, halafu sabuni na nguo safi zinakuwa chini kabisa ya kila kitu; au analipia saa za ziada za chumba zinazokwisha mapema mno kumsaidia. Dawa yake ni kuamua kwanza utaoga saa ngapi na wapi, kisha chumba na mizigo vifuate uamuzi huo.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ndege ya kimataifa ya 00:45, yaani saa saba kasorobo usiku, tarehe 15. Hoteli iko mjini na inataka chumba saa tano asubuhi. Kutoka hotelini hadi uwanja wa ndege ni dakika 50. Saa zako zitakuwa nyingine, lakini hesabu inakwenda vilevile.

Kwanza hakikisha tarehe

Tiketi huhesabu saa kuanzia katikati ya usiku, na tarehe hubadilikia hapo hapo. Ndege ya 00:45 tarehe 15 inaruka usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo uwanjani unakwenda jioni ya tarehe 14. Anayekwenda jioni ya tarehe 15 amekosa ndege kwa karibu siku nzima, na kosa hili huwapata hata wasafiri wazoefu kwa sababu kichwani wanashika tarehe peke yake. Kwenye kalenda ya simu usiandike saa ya ndege. Andika saa ya kutoka hotelini, pamoja na siku: "Ijumaa tarehe 14, saa tatu kasorobo usiku, ondoka."

Kama viza au ruhusa yako ya kukaa inaisha tarehe 14, angalia pia utafika mbele ya afisa wa uhamiaji saa ngapi. Muhuri hugongwa kwa tarehe ya wakati ule unaohudumiwa, hata kama foleni uliianza mapema. Ukifika dirishani dakika 10 baada ya saa sita usiku, pasipoti itaonyesha umetoka tarehe 15, na unaweza kuhesabiwa kuwa umezidisha siku. Katika mfano wetu abiria anapaswa awe ameshapita uhamiaji ifikapo saa tano usiku, basi hana wasiwasi. Mwenye ndege ya saa tisa usiku hana nafasi hiyo, na ni heri aulize mamlaka husika siku kadhaa kabla.

Hesabu ukirudi nyuma

Usianzie saa ya ndege. Anzia saa ya kufungwa kwa kaunta. Mashirika mengi hufunga kupokea mizigo ya safari za kimataifa dakika 60 kabla ya kuruka. Mengine hufunga mapema zaidi, na saa kamili huwa kwenye masharti ya tiketi. Kwa ndege ya 00:45, kaunta inafungwa 23:45, saa sita kasorobo usiku, na inafunguliwa kama saa nne kasorobo.

Lengo zuri ni kuwa uwanjani saa nne usiku, kaunta ikiwa imeshafunguliwa na foleni ya kwanza imeanza kusogea. Njia ni dakika 50, nawe ongeza dakika 25 za msongamano, kwa kuwa jioni barabara za miji huwa zimejaa. Kwa hiyo unatoka hotelini saa tatu kasorobo. Kabla ya kutoka unahitaji kuchukua mizigo, kuoga, kubadilisha nguo na kupanga upya vitu: tenga dakika 75. Jibu ni kwamba saa moja na nusu jioni lazima uwe umerudi ulikoacha mizigo.

Sasa unajua pengo lako halisi. Kutoka saa tano asubuhi hadi saa moja na nusu jioni ni saa nane na nusu. Kumbuka namba hiyo, kwa sababu ndiyo itakayoamua habari ya chumba.

Chumba: kukibakiza au kukiachia

Hoteli zikikuongezea muda bure au kwa malipo madogo, mara nyingi hukupa hadi saa nane mchana. Kwa ndege ya saa mbili usiku ofa hiyo ni nzuri sana. Kwa ndege ya 00:45 haikusaidii kitu: utaoga saa nane kasorobo, kisha utabaki na karibu saa saba za kutembea na kutoka jasho kabla ya kuondoka mjini. Ukipewa bure, ipokee na uitumie kulala mchana. Ikiwa ni ya kulipia, okoa hela zako uzielekeze kwenye bafu la jioni.

Kubaki hadi saa kumi na mbili jioni ni jambo jingine. Hoteli nyingi huhesabu huo kuwa nusu siku na hutoza karibu nusu ya bei ya usiku mmoja. Kwa mfano wetu inafaa kwa anayetaka kulala mchana: analala baada ya chakula cha mchana, anaoga saa kumi na moja na nusu, anaacha sanduku mapokezi, anakula karibu na hoteli bila kutembea sana, anarudi saa mbili na nusu kuchukua mzigo. Bafu limekuja mapema kidogo, lakini jua limeshapoa.

Kulipia usiku mzima wa ziada naona ni halali kabisa ukiwa na watoto wadogo, mgonjwa, mzee, au kazi ya kufanyia kwenye kompyuta siku nzima. Katika hali hizo chumba ni mapumziko ya lazima. Hakikisha tu usiku huo umeunganishwa na nafasi yako ya awali. Ukiununua peke yake kwenye tovuti, hoteli inaweza kuuchukulia kama mgeni mpya anayeingia saa nane au saa tisa mchana, ukaambiwa utoke saa tano na usubiri chumba kingine. Mwombe mhudumu wa mapokezi aziunganishe nafasi zote mbili ubaki chumba kile kile. Na lipa bili yote kabla hujaenda kula chakula cha jioni. Karibu na katikati ya usiku hoteli hufunga hesabu za siku kwenye mfumo, mara nyingi kukiwa na mfanyakazi mmoja tu zamu, na mtu mwenye teksi mlangoni hapaswi kukutwa akisubiri risiti wakati huo.

Kuomba muda wa ziada kuna wakati wake. Mwezi mmoja kabla, hoteli haijui itajaa au la, hivyo ombi uliloandika kwenye tovuti ya kuhifadhi nafasi linabaki kuwa ombi tu. Asubuhi ya kuondoka umechelewa, kwa sababu orodha ya vyumba vya kusafisha imeshagawiwa. Wakati mzuri ni jioni ya kuamkia siku hiyo, baada ya wageni wengi wa siku ile kuingia: mhudumu anaiona kesho yake kwenye skrini. Taja saa kamili. Ukisema unataka "kuchelewa kidogo" utapewa saa moja. Sema: "Naomba kubaki chumbani kesho hadi saa kumi na mbili jioni. Inawezekana? Itakuwa kiasi gani?" Ukikataliwa usichukie. Huenda mgeni wa chumba hicho anafika saa nane, au wasafishaji wanamaliza zamu alasiri na baada yao hapana wa kukiandaa. Hapo uliza swali la pili, lenye uwezekano mkubwa wa kukubaliwa: "Je, kuna bafu ambalo mgeni aliyeshatoka anaweza kulitumia jioni?"

Ukikubaliwa, bado mambo mawili hayajakamilika. La kwanza ni kadi ya mlango. Kadi nyingi hupangwa zife saa ya kawaida ya kutoka, hata kama mhudumu ameandika muda mpya kwenye kompyuta. Ukirudi kutoka matembezini saa saba mchana utaona taa nyekundu, na vitu vyako viko ndani. Ipeleke kadi mapokezi asubuhi hiyo hiyo iwekwe muda mpya, kisha uijaribu mlangoni. La pili ni wasafishaji, ambao huenda wana orodha ya zamani. Tundika kibao cha kutosumbuliwa, na ukimwona msafishaji wa ghorofa yako, mwambie mwenyewe unatoka saa ngapi.

Kipo pia chumba cha mchana, kinachouzwa kwa saa na baadhi ya hoteli, hasa zilizo karibu na viwanja vya ndege. Angalia kinapoisha. Vingi huisha saa kumi na moja au kumi na mbili jioni kwa kuwa hoteli inataka kukiuza tena usiku, na kwa ndege ya 00:45 hilo linakuacha pale pale. Ukipata cha saa kumi jioni hadi saa nne usiku jirani na uwanja, hakuna kinachokizidi: mizigo unayo, bafu ni lako, foleni za mjini umeshazipita. Hatari yake ni usingizi. Weka kengele mbili, moja ya simu na moja ya kupigiwa na mapokezi.

Fungasha mafungu matatu

Fanya kazi hii usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, ukiwa na kitanda cha kutandazia vitu. Fungu la kwanza ni sanduku kubwa, ambalo ukishalifunga asubuhi halifunguliwi tena hadi jioni. Acha nafasi ndani yake, mfuko wa nje au pembe moja upande wa juu, ya kuwekea nguo chafu na viatu utakavyovua. Lipime uzito kabla hujaliacha, na libaki pungufu kwa kilo moja au mbili kuliko kiwango cha tiketi. Nguo zilizotota jasho, taulo bichi na vitu vya kununua siku hiyo hula nafasi hiyo upesi.

Fungu la pili ni mfuko wa kuogea, na ndio unaookoa jioni yako. Ndani weka nguo za safarini zilizokunjwa pamoja kuanzia za ndani hadi soksi, taulo jembamba linalokauka haraka, sabuni, mswaki na dawa yake, kitana, dawa ya kwapa, ndala, mifuko miwili ya plastiki ya kufungia vitu vibichi, na kufuli dogo. Ndala ni za sakafu ya bafu la umma. Kufuli ni la kabati za jimu, ambazo nyingi zina tundu bila kufuli lake. Mfuko huu ukae juu kabisa ya kila kitu sandukuni, au pembeni peke yake, uweze kutoka kwa mkono mmoja.

Jambo moja linaamua ukubwa wa chupa zako: utaoga kabla au baada ya ukaguzi wa usalama? Kabla yake, shampuu ya nusu lita haina tatizo, kwa maana ukimaliza inarudi kwenye sanduku litakalopelekwa tumboni mwa ndege. Baada ya ukaguzi, viwanja vingi bado vinataka kila chupa isizidi mililita 100 na zote zitoshe kwenye mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani yake. Chupa ya mililita 200 iliyobakiza robo itatupwa. Kama hujajua utaogea wapi, beba chupa ndogo.

Fungu la tatu ni begi la mwilini, ambalo halikutoki siku nzima: pasipoti, simu, fedha na kadi, dawa, kompyuta, vito, funguo za nyumbani, chaja, adapta ya soketi na pawabenki. Chaja na adapta hufichwa sandukuni kwa mazoea, na ifikapo saa kumi jioni simu yenye tiketi, ramani na namba ya teksi inakata moto. Siku ya mwisho huna chumba cha kuchajia, basi hivi viwili vikae karibu.

Pawabenki ina sababu ya ziada. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuzizima. Hubebwa mkononi, na za hadi wati-saa 100, yaani 100 Wh, kwa kawaida hazihitaji kibali. Kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali. Kama umeandikiwa mAh peke yake, zidisha kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 ni 74 Wh, iko salama. Mashirika mengine yana masharti yao juu ya idadi na matumizi ndani ya ndege, hivyo soma ya shirika lako. Aliyeisahau sandukuni huitwa kaunta kufungua sanduku mbele ya foleni, au huachwa nyuma na mzigo wake.

Kuacha mizigo

Hoteli uliyolala ndiyo chaguo la kwanza, na nyingi hufanya hivyo bila malipo siku ya kutoka. Tatizo la chumba cha mizigo cha hoteli ni kwamba masanduku hufanana na watu wa zamu hubadilika. Kibandiko chenye namba ya chumba tu hakitoshi, kwa kuwa kufikia jioni chumba hicho kina mgeni mwingine. Kiandikwe jina lako, tarehe, idadi ya vipande na saa ya kuchukua: "vipande 2, leo saa moja na nusu jioni." Piga picha sanduku likiwa na kibandiko, na picha ya kipande cha namba ulichopewa. Funga zipu kwa kufuli. Chumba hicho huingiwa na watu wengi, na hoteli nyingi huandika kwamba hazibebi dhamana ya vitu vya thamani vilivyoachwa humo. Ndiyo maana fungu la tatu haliingii.

Kabla ya kutoka uliza maswali mawili. Chumba cha mizigo kiko wazi hadi saa ngapi? Na nani ana ufunguo usiku? Kwenye hoteli ndogo ufunguo huwa kwa mtu mmoja, na akienda kula chakula chake, sanduku lako linamsubiri.

Nyumba za kupanga kwa siku chache hazina mapokezi. Mwenye nyumba anaweza kukuruhusu uache mizigo wakati wa usafi, lakini ikifika saa tisa mgeni mwingine anaingia na mzigo wako lazima utoke. Hapo utatafuta kabati za kufuli kwenye kituo cha treni au basi, ofisi ya kuhifadhi mizigo, au maduka yanayopokea mizigo kupitia programu ya simu. Kosa kubwa la vituo hivi vyote ni saa ya kufunga. Abiria wa ndege ya 00:45 akiacha sanduku kwenye duka linalofungwa saa moja jioni, atalazimika kulichukua mapema na kulikokota hadi bafuni. Akiliacha kwenye ofisi ya kituo inayofungwa saa tatu, foleni moja ya barabarani inatosha kumkosesha ndege. Chagua mahali panapofunga angalau saa mbili baada ya muda uliopanga kurudi. Kwa kabati, pima kwanza sanduku linaingia. Kubwa za kutosha sanduku la kilo 23 huwa chache na hujaa mapema. Soma pia malipo yanahesabiwaje: kuna zinazohesabu saa 24, na kuna zinazoanza siku mpya saa sita usiku. Ofisi ikitaka kitambulisho, onyesha pasipoti au toa nakala. Usiiache huko.

Kupeleka mizigo uwanjani asubuhi na kurudi mjini kunafaa kama usafiri ni wa haraka na uwanja una ofisi ya kuhifadhi. Kaunta ya shirika kwa kawaida haitaipokea saa hizo. Miji michache, kama Hong Kong, Seoul na Taipei, ina vituo vya treni mjini vinavyopokea mizigo ya baadhi ya mashirika kabla ya kwenda uwanjani. Hapo angalia kama ndege ya baada ya saa sita usiku imo, kwa kuwa vituo hivyo vina saa zao.

Pa kuoga

Bafu zuri lina sifa mbili: liko ulipoacha mizigo, na linakuja baada ya shughuli za siku. Bafu la hoteli uliyotoka linatimiza zote. Hata hoteli isiyo na chumba cha kukupa inaweza kuwa na bafu la bwawa la kuogelea, la jimu, au chumba kidogo walichotenga kwa wageni wanaoondoka usiku. Uliza asubuhi, na uulize pia linafungwa saa ngapi: bafu la bwawa hufuata saa za bwawa, na mengi hufungwa jioni. Kama linafungwa saa moja jioni, sogeza hesabu yako yote dakika 90 nyuma.

Jimu au bwawa la umma linalouza tiketi ya siku ni chaguo la pili. Mapokezi ya mwisho huwa nusu saa au saa moja kabla ya kufunga, na hawapendi masanduku makubwa. Nenda na mfuko wa kuogea tu, sanduku likiwa bado hotelini.

Bafu la uwanja wa ndege huonekana rahisi, lakini uliza kwanza liko upande gani wa ukaguzi. Likiwa kabla ya ukaguzi, unaoga na sanduku likiwa mikononi mwako, na kazi ya kulilinda ni yako. Likiwa baada ya ukaguzi, hulifikii mpaka kaunta ifunguliwe. Launji nyingi ziko upande huo, na nyingi haziruhusu kuingia zaidi ya saa tatu kabla ya ndege. Si kila launji ina bafu, na zenye bafu zinaweza kuwa na machache tu. Ukiingia, nenda moja kwa moja kwa mhudumu uandikishe jina kwenye orodha ya bafu, kisha ndipo ukae. Saa ambazo ndege nyingi za usiku huondoka pamoja, anayekula kwanza huitwa wakati abiria wanapanda.

Bafu lisipopatikana kabisa, kujifuta kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, ukifuata utaratibu. Tafuta choo kipana chenye ndoano ya kutundikia na sinki ndani. Vua viatu, simama juu ya ndala. Lowesha kitambaa kidogo, paka sabuni kidogo sana, futa uso na shingo, kisha kwapa, kisha kinena, miguu mwishoni. Suuza kitambaa mara mbili upite tena, maana sabuni iliyobaki mwilini huwasha usiku kucha. Kausha vizuri kabla ya kuvaa. Badilisha soksi na nguo za ndani hata kama hubadilishi kingine.

Dakika 75 za jioni

Saa moja na nusu umefika hotelini. Dakika 15 za kwanza ni za kupata mizigo na kuhesabu vipande. Papo hapo thibitisha teksi ya saa tatu kasorobo, au angalia treni ya mwisho kama ndiyo utakayopanda. Chomeka simu na pawabenki kwenye soketi karibu na mhudumu, ukimwomba azitazame, au zipeleke nawe bafuni.

Dakika 30 ni za kuoga. Usiingize bafuni nguo ulizovua pamoja na safi kwenye mfuko mmoja; chafu zinaingia plastiki ya kwanza mara tu unapozivua, taulo na ndala zinaingia ya pili mwishoni. Baada ya maji ya moto mwili huendelea kutoka jasho kwa muda, hivyo maliza kwa maji ya uvuguvugu na ukae dakika chache kabla ya kuvaa shati la safarini. Ukiruka hatua hii, shati litakuwa limelowa kabla hujafika kwenye gari.

Dakika 20 zinabaki kwa sanduku. Plastiki zote mbili na chupa kubwa zinaingia kwenye nafasi uliyoiacha. Gusa kila mfuko wa nje ukitafuta betri, kiberiti cha gesi na pasipoti. Pima uzito tena kama mizani ipo. Dakika 10 za mwisho ni za teksi kukosa njia, na zikibaki, kunywa maji.

Ndege ikichelewa

Angalia hali ya ndege saa kumi na mbili jioni, kabla hujaanza kurudi hotelini. Ikitangazwa kuchelewa kwa saa moja au mbili, usibadilishe mpango. Muda mpya unaweza kurudishwa nyuma, na shirika linaweza kuendelea kufunga kaunta kwa saa ya awali. Ikichelewa saa sita au zaidi ukiwa bado mjini, kwanza piga simu ulikoacha mizigo uulize inaweza kubaki hadi lini, kisha wasiliana na shirika uulize kuhusu kaunta na kama wanatoa hoteli. Usinunue chumba kabla ya kupata jibu lao. Na ukilazimika kununua, anza na hoteli ile ile uliyotoka: wanakujua, sanduku lako liko kwao, na chumba kilichobaki tupu saa mbili usiku hujadiliwa bei kwa urahisi kuliko kile cha asubuhi.